Taa ya presha ya oili imewaka ukiwa barabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye pikipiki zenye taa nyekundu ya kopo la oili linalodondosha tone. Mara nyingi ni zile za cc 400 kwenda juu, tunazopanda nazo Machame na Marangu au kwenda nazo Namanga wikiendi. Kama unaisoma hii ukiwa umesimama kando ya barabara na taa imewaka, soma swali la kwanza tu. Mengine yasubiri injini ikiwa imezimwa.

Taa nyekundu imewaka nikiwa mwendoni. Nifanye nini sasa hivi?

Achia mafuta, bana klachi, bonyeza swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo mkono wa kulia. Yote matatu kwa pumzi moja. Usiachie klachi, acha pikipiki iserereke yenyewe. Washa indiketa ya kushoto, toka barabarani polepole, simama mahali pa tambarare kama papo.

Klachi unaibana kwa sababu ukizima injini huku gia imeshika, tairi la nyuma litaendelea kuizungusha injini kavu hadi usimame. Tena ikitokea injini imeng'ang'ania ghafla na klachi haijabanwa, tairi la nyuma linajifunga nawe unalala chini.

Usizime kwa ufunguo ukiwa mwendoni. Ufunguo unazima taa zote, na ukiwa Kikatiti saa mbili usiku na Fuso iko nyuma yako, hutaki kuwa kivuli cheusi katikati ya lami. Swichi nyekundu inazima injini tu, indiketa na taa ya breki zinabaki.

La mwisho, na wengi hawaliwazi: shika breki ya mbele kwa upole, pikipiki ikiwa imesimama wima, na breki ya nyuma uiguse kidogo sana. Huenda oili imetoka kwenye injini, na kama imetoka inaweza kuwa iko kwenye tairi la nyuma. Nitaeleza chini yaliyonikuta.

Boma Ng'ombe ni kilomita tatu tu. Siwezi kujikongoja taratibu hadi kwa fundi?

Usijaribu. Piga hesabu: kilomita tatu kwa mwendo wa 60 ni dakika tatu. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 12,000 ya chuma juu ya chuma. Injini iliyobeba mzigo haihitaji hata dakika nzima bila presha ili beringi zake za kranki ziungue. Ikinoki, hapo si suala la kununua oili tena. Ni kufungua injini yote, kusaga kranki au kutafuta nyingine, na kwa pikipiki kubwa vipuri hivyo havipatikani kila duka hapa Arusha.

Kwenda taratibu nako hakusaidii kama watu wanavyodhani. Pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ukipunguza mzunguko unapunguza na kile kidogo inachosukuma. Isukume kwa miguu, au ipakie kwenye kirikuu. Na ukiipakia, mwambie mwenye gari ukweli kwamba injini inavuja, maana oili ikimmwagikia kwenye bodi mtagombana.

Hii taa inapima nini hasa? Si inasema oili imepungua?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Taa hii haioni kiasi cha oili kilichomo. Inaona msukumo wa oili ndani ya njia zake.

Ndani ya injini hizi, kranki haikai juu ya gololi. Inakaa juu ya beringi laini za vipande viwili vya nusu duara, na konrodi zake vilevile. Kranki haitakiwi kugusa vipande hivyo hata kidogo. Pampu inasukuma oili katikati yao, na kranki inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Msukumo ukikatika, utando unaondoka na chuma kinakutana na chuma.

Kwenye njia hiyo ya oili kuna swichi ndogo yenye waya mmoja. Presha ikiwa haipo, swichi inaunganisha waya huo na bodi ya injini na taa inawaka. Ndiyo maana unapofungua ufunguo asubuhi taa inawaka, na ukipiga stata inazima baada ya sekunde moja au mbili. Presha ikipanda, swichi inaachana na bodi.

Sasa linganisha na kitu unachokijua, upepo wa tairi. Injini nyingi za namna hii zikiwa na moto na zinazunguka mwendo wa safari, zina presha ya oili kati ya PSI 30 na 80. Swichi yenyewe kwa kawaida inawasha taa presha ikishuka hadi kwenye PSI 3 mpaka 7 hivi. Yaani inakaa kimya ikiwa 40, inakaa kimya ikiwa 20, inakaa kimya hata ikiwa 10. Inapowaka, kilichobaki ni kama tairi ambalo rimu yake inakaribia kugusa lami. Kwa hiyo taa hii hailingani na ile ya petroli, inayokupa nafasi ya kufika kituo kinachofuata.

Nimesimama, nimezima. Naanza kuangalia wapi?

Anza na macho kabla ya mikono, na kuwa mwangalifu maana ekzosi inaunguza. Tazama chini ya injini, tazama buti yako ya kushoto na ya kulia, tazama tairi la nyuma. Oili iliyotoka kwa kasi haidondoki tu, inapeperushwa na upepo na kukupaka kuanzia goti kwenda chini.

Kisha isubiri dakika tatu au nne ili oili iliyoko juu ishuke. Simamisha pikipiki wima kabisa, si kwa stendi ya pembeni, na soma kioo kidogo kilicho ubavuni mwa injini au kijiti cha kupimia. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Kumbuka ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, kioo kitakudanganya. Ukiwa peke yako, kaa juu yake uisawazishe kwa miguu, halafu mwombe mtu yeyote anayepita akusomee. Kwenye barabara ya Moshi hutakosa mtu, na kabla hujamaliza kumweleza watakuwa wamefika sita.

Zipo pikipiki chache ambazo oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni badala ya chini ya injini, na hizo hupimwa injini ikiwa imetoka kuzunguka. Kama yako ni ya aina hiyo, kitabu chake kinasema, na ni vizuri ujue kabla ya safari.

Umesema yalikukuta. Ilikuwaje?

Ilikuwa siku ya sevisi. Pikipiki yangu ni ya silinda mbili, cc 650, na inachukua oili lita 2.7 ikibadilishwa pamoja na filta. Filta yake ni ile ya kopo la bati, inayokazwa kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa, na kwenye mdomo wake kuna mpira mweusi wa duara unaozuia oili isitoke. Niliiacha gereji fulani hapa mjini asubuhi, nikaichukua mchana, nikaelekea Moshi.

Mjini hadi Tengeru ni foleni, vifodi vinaingia na kutoka, nilikuwa gia ya pili na ya tatu. Usa River hivyohivyo. Baada ya Maji ya Chai barabara ikafunguka nikavuta hadi 90. Mbele kidogo, nilipoachia mafuta kwa ajili ya tuta, nikaona wekundu kwenye dashibodi. Ukawaka, ukazima, kisha ukawaka moja kwa moja. Nilizima. Nilipogusa breki ya nyuma, mkia ukaenda kando kama umekanyaga ganda la ndizi. Niliachia, nikabaki na ya mbele, nikasimama kwenye vumbi.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akasimama. "Kaka, umemwaga oili tangu kule kwenye daraja. Nimekupigia honi weee!"

Kioo kilikuwa kitupu. Ubavu wote wa chini wa injini ulikuwa umelowa, tairi la nyuma linang'aa upande mmoja. Nati ya kumwagia oili, ambayo ndiyo niliyoishuku kwanza, ilikuwa kavu kwa juu na imekazwa vizuri. Chanzo kilikuwa juu yake: pembeni mwa filta kulikuwa na kipande cha mpira kimechungulia nje kama ulimi.

Tukasubiri injini ipoe. Filta ilikuwa inateleza haishikiki, basi yule kijana akafungua mpira wa tyubu aliofungia mizigo nyuma ya siti yake, akauzungusha kwenye filta mara tatu, akavuta. Ikafunguka. Filta mpya ilikuja na mpira wake. Na kwenye injini, pale filta inapokaa, kulikuwa na mpira mwingine. Ule wa filta ya zamani.

Ndivyo inavyokuwa. Filta ya zamani ikitolewa, mpira wake wakati mwingine unanasa kwenye injini kwa sababu ya joto la miezi mingi. Ni mweusi, umelowa oili nyeusi, mahali penyewe hapana mwanga. Fundi asipopitisha kidole pale, anakaza filta mpya juu yake. Mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, inashika vizuri tu injini ikiwa gereji na ikiwa kwenye foleni. Ukivuta mwendo, presha inapanda, mpira wa juu unateleza kutoka kwenye mfereji wake, na pampu inaitoa oili nje kwa nguvu ileile iliyotakiwa kuipeleka kwenye kranki.

Tulichofanya: tuliubandua mpira wa zamani, tukafuta pale injini inapokutana na filta kwa kitambaa safi. Mpira wa filta mpya tuliukagua, haukuwa umechanika, tukaurudisha kwenye mfereji wake na kuupaka oili kwa kidole. Tukaikaza filta kwa mkono mpaka mpira ukagusa, kisha tukafuata maelezo yaliyochapwa kwenye kopo lenyewe kuhusu izungushwe kiasi gani zaidi. Kama mpira ungekuwa umekatika, safari ingekuwa imeishia hapo hadi filta nyingine ipatikane.

Yule kijana alinipeleka dukani nikanunua chupa mbili za lita moja za oili ya bodaboda, 20W-50. Nikamimina ya kwanza yote, kioo bado kitupu. Nusu ya pili ndiyo iliyoleta oili katikati ya alama. Maana yake nilikuwa nimepoteza kama lita moja na nusu, zaidi ya nusu ya oili yote, katika muda ambao hata wimbo mmoja usingeisha.

Nikapiga stata nikiwa nimekodolea macho ile taa, kidole kikiwa juu ya swichi nyekundu. Sekunde moja, mbili, tatu, ikazima. Ingefika tano ningeizima na kuita kirikuu. Tuliiacha izunguke sailensi dakika mbili, tukamulika filta kwa tochi ya simu, kavu. Nikazima, nikasubiri, nikapima tena, nikaongeza kidogo kufidia ile iliyoingia kwenye filta. Tairi tuliliosha kwa sabuni ya unga na maji mara mbili, na diski ya breki pia, kwa kitambaa kingine. Pedi za breki za nyuma zilikuwa zimenyonya oili. Hizo hazioshwi zikapona, nilizibadilisha Moshi, na hadi kufika huko nilitumia ya mbele tu.

Ulijuaje kwamba injini haikuharibika?

Kwa sauti kwanza. Beringi za konrodi zikiungua zinagonga: mlio mzito, ngo-ngo-ngo, unaotoka chini ya injini na unaozidi unapovuta mafuta ukiwa na mzigo. Usiuchanganye na tiki-tiki nyepesi ya valvu kule juu. Yangu haikugonga.

Kesho yake nilimwaga oili yote ikiwa ya moto kwenye beseni jeupe, nikaipeleka juani na kuikoroga taratibu kwa kijiti. Injini iliyoumia inaacha vumbi linalometameta, kama rangi ya kung'aa ya magari. Kisha nikaikata filta kuizunguka kwa makasi ya bati, nikafungua karatasi yake iliyokunjwakunjwa na kuikagua kunjo kwa kunjo. Usitumie msumeno wa chuma kwa kazi hii, unga wake utaingia kwenye karatasi na utalia bure ukidhani injini imekwisha.

Wengine hupitisha sumaku kwenye oili na isipokamata kitu wanashangilia. Sumaku inakamata chuma cha gia na vyuma vingine vya namna hiyo. Tabaka laini la beringi za kranki limetengenezwa kwa madini yasiyokamatwa na sumaku, na ndilo hasa unalolitafuta. Amini macho yako na jua.

Kioo kinaonyesha oili imejaa vizuri, lakini taa imewaka. Nafanyaje?

Usiwashe. Oili kuwepo chini hakumaanishi kwamba inafika juu. Pampu inaweza kuwa imekufa, au chujio lililo kwenye mdomo wake chini kabisa limezibwa, mara nyingi na vipande vya gundi ya gasketi ambayo fundi aliimwaga kama anaziba bomba la maji. Valvu inayopunguza presha inaweza kuwa imenasa ikiwa wazi, ikirudisha oili chini kabla haijafika kwenye kranki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo utakachokitengeneza chini ya mti.

Inaweza pia kuwa swichi tu, au waya wake. Soma linalofuata kabla hujashangilia.

Fundi amechomoa waya wa swichi, taa ikazima. Anasema swichi ndiyo mbovu. Ni kweli?

Hajathibitisha kitu. Nakuomba ulielewe hili vizuri kwa sababu injini nyingi zimeuawa hapa.

Taa inawaka pale waya unapounganishwa na bodi. Ukichomoa waya kwenye swichi, umekata muunganiko, kwa hiyo taa itazima tu, swichi iwe mbovu au iwe nzima na inasema kweli kwamba presha hakuna. Kwenye hali zote mbili utaona kitu kilekile. Fundi akichomoa waya na kukuambia endelea na safari, amemziba mdomo shahidi.

Jaribio hilo lina faida upande mmoja tu: ukichomoa waya na taa ikaendelea kuwaka, basi waya wenyewe umechubuka mahali na unagusa bodi. Hapo kosa ni la waya.

Kipimo cha kweli ni geji. Swichi inafunguliwa, geji ya presha inafungwa kwenye tundu lake, injini inawashwa na namba inasomwa, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Pikipiki nyingi za Kijapani zina tundu lenye nyuzi za inchi 1/8 za bomba, na mafundi wa magari wenye geji ya oili mara nyingi wana kiunganishi chake. Ulizia huko kama fundi wako wa pikipiki hana. Geji ikisoma namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki na taa bado inawaka, hapo ndipo unapobadilisha swichi kwa moyo mweupe. Swichi mpya usiikaze kwa hasira, nyuzi zake zinapasua bodi ya alumini.

Taa inamweka nikiwa sailensi injini ikiwa moto sana, nikivuta mafuta inazima. Ni hatari?

Ni onyo lililokuja mapema, bahati yako. Mfano wake ni kupanda kutoka Himo hadi Marangu nyuma ya lori, gia ya kwanza na ya pili, kisha unasimama getini na taa inaanza kupepesa. Oili ikiwa moto inakuwa nyepesi kama maji, na injini ikiwa sailensi pampu inazunguka polepole.

Anza na vya rahisi. Oili ina muda gani? Ni ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, au uliwekewa iliyokuwepo dukani? Fungua kifuniko unuse: ikinuka petroli, na kiwango kimepanda badala ya kushuka, basi kabureta inavujisha petroli ndani ya injini na kuizimua oili. Kutengeneza kabureta kwanza, kubadilisha oili baadaye, vinginevyo utamwaga oili mpya bure. Angalia pia kama kuna mtu aliyeishusha sailensi mno akitafuta kupunguza ulaji wa petroli.

Ukishabadilisha oili, sailensi iko sawa, na bado inapepesa, omba geji. Huenda beringi au pampu zimelika, na oili inapita kwenye nafasi kubwa kuliko inavyosukumwa.

Inawaka sekunde moja tu nikifunga breki kwenye mteremko wa Kibosho, kisha inazima.

Oili imepungua. Unapoinamisha pikipiki mbele na kufunga breki, oili yote inakimbilia mbele na mdomo wa pampu unabaki unavuta hewa. Zima, simama, pima, ongeza. Kisha tafuta ilikokwenda, maana oili haipotei yenyewe: inavuja au inaungua, na moshi wa bluu asubuhi utakuambia.

Nimekwama, dukani kuna oili ya gari tu. Niweke?

Kama injini haina oili, weka ya gari ya uzito unaokaribiana na ulioandikwa kwenye kitabu, ufike nyumbani, kisha ibadilishe. Tatizo la oili nyingi za gari za siku hizi ni vilainishi vyake. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini na inaweza kuanza kuteleza. Ya pikipiki yenye klachi ya namna hiyo ina maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa. Usitie oili ya gia wala ya hidroliki, hata kama muuzaji ameapa.

Na usijaze kupita alama ya juu ukidhani unajihami. Kranki ikianza kuichapa oili inaitia povu, na pampu inayosukuma povu haitoi presha.

Boxer yangu haina taa hii. Nipo salama?

Pikipiki nyingi ndogo za bodaboda hazina kabisa. Kranki zao zinakaa juu ya gololi na rola, zinazovumilia oili ya kurushiwarushiwa bila presha kubwa. Lakini kamshafti na pistoni havina uvumilivu huo, na wewe huna taa ya kukuambia. Taa yako ni kijiti au kioo cha oili, kila asubuhi.

Kwa wenye DT na AG za zamani za mipigo miwili: taa yenu ya oili ni ya kiasi kilichobaki kwenye tangi la oili ya kuchanganyika na petroli. Ni taa nyingine, yenye maana nyingine. Ongezeni oili mwendelee.

Asubuhi nikifungua ufunguo taa haiwaki kabisa. Ina maana oili ni nzuri?

Ina maana taa imekufa, au waya umekatika, au kuna mtu aliyeuchomoa na kuuficha pembeni akakurudishia funguo. Chungulia kwenye swichi kama waya upo mahali pake. Kisha, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa, chomoa waya huo na uuguse kwenye chuma tupu cha injini: taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, fuata balbu na waya. Mpaka ipone, pikipiki hiyo usiitoe nje ya mji.